Barua ya wazi kwa wenye kamyo wa Lubumbashi: mkuu wa magari mtafuteni nyuma ya usukani

Kwa wenye kampuni za usafirishaji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Kwa wakurugenzi wao wa uendeshaji. Kwa wakuu wa uchukuzi mkoani. Na kwa uongozi wa INPP, taasisi ya mafunzo ya kazi, hapa mjini.

Wakubwa wetu,

Nafasi ya mkuu wa magari, yule tunayemwita shefu sharwa, ikiwa wazi, mara nyingi hutafutwa mtu mwenye diploma ambaye hajawahi kulala kwenye foleni ya mpaka wa Kasumbalesa. Dereva aliyeendesha miaka kumi na miwili kati ya Kolwezi na Ndola, au kati ya Lubumbashi na Dar es Salaam, hafikiriwi. Akizeeka anapewa kazi ya kulinda lango la depo. Sisi tunaoandika barua hii ni madereva na wasimamizi wa magari, na tunaomba njia hiyo ibadilike. Diploma hatuidharau. Ila kazi ya mkuu wa magari ni kusoma namba zinazotoka barabarani, na namba hizo zinamdanganya mtu asiyejua zimezaliwaje.

Tuanze na mazutu, maana hapo ndipo biro na madereva wanagombana kila wiki.

Chukueni safari ya mfano. Kichwa chenye ekseli tatu kinavuta remorki ya ekseli tatu, kimepakia shaba Kolwezi, kinashusha Ndola, kinarudi kitupu. Ni kama kilomita 550 kwenda na 550 kurudi. Kamyo ya namna hiyo yenye mzigo kamili hula kama lita 50 kwa kilomita 100. Ikiwa tupu hula kama 32. Kwenda ni lita 275, kurudi ni lita 176, jumla 451. Biro linatoa 460 na kuona kwamba limekuwa na ukarimu. Kamyo inarudi, tangi linajazwa hadi pomoni kama lilivyojazwa siku ya kuondoka, na hesabu ya mazutu yote yaliyotumika inakuwa lita 544. Zimezidi lita 84. Katika kampuni nyingi kesi inaishia hapo: dereva ameiba, akatwe mshahara.

Mtu anayeijua barabara hafungui daftari la mishahara kwanza. Anafungua kompyuta ya injini, ile inayosomwa kwa kifaa cha fundi au kupitia mtambo wa kufuatilia magari, anatafuta vitu viwili: kilomita halisi na saa ambazo injini imenguruma kamyo ikiwa imesimama. Katika mfano wetu anakuta kilomita 1,138 badala ya 1,100, na zile 38 za ziada zote ni za kwenda, kamyo ikiwa na mzigo, kwa sababu ilizungushwa njia nyingine. Hizo ni lita 19. Anakuta pia saa 22 za kunguruma bila kusonga. Injini kubwa ya namna hii, feni na kiyoyozi vikifanya kazi, hunywa karibu lita 3 kwa saa. Hizo ni lita 66. Sasa hesabu sahihi ya safari ni lita 536. Kamyo imetumia 544. Tofauti iliyobaki ni lita 8, na hizo haziwezi kumshitaki mtu yeyote. Mazutu yenyewe yanavimba kwa joto: lita 500 zikipanda nyuzi 10 zinaongezeka kama lita 4. Kamyo ikijazwa asubuhi kwenye sakafu iliyonyooka, kisha ikajazwa mchana mahali penye mteremko kidogo, tofauti inazidi hapo bila mkono wa mtu.

Hesabu yote inaingia katika mstari mmoja wa jedwali la kompyuta. B2 ni kilomita zenye mzigo, C2 ni kilomita tupu, D2 ni saa za kunguruma kwa kusimama:

```
=B2*0.50+C2*0.32+D2*3
```

Viwango vya 0.50, 0.32 na 3 msivichukue kutoka kwetu kama amri. Kila aina ya kamyo ipimiwe vyake, kwa safari kadhaa za kujaza tangi pomoni hadi pomoni, pampu ileile, mahali palepale. Dereva mwenye akili anaweza kufanya kazi hiyo peke yake kwa miezi michache, na atakapomaliza atakuwa ameshika somo la kwanza la ukuu wa magari.

Hatusemi wizi haupo. Upo, na dereva wa zamani ndiye anayeutambua haraka. Kwenye mchoro wa kipimo cha tangi, wizi huonekana kama ngazi: kamyo imesimama, injini imezimwa, na lita 40 zinapotea ndani ya dakika chache. Mchoro unaopanda na kushuka kamyo ikiwa inatembea milimani ni mazutu yanayocheza ndani ya tangi, si wizi. Na kama injini ndiyo mgonjwa, ulaji unazidi polepole katika kila kipande cha njia, kwenda na kurudi. Hapo unatazama chujio la hewa lililozibwa na vumbi la kiangazi (moshi mweusi, kamyo inakosa nguvu kilimani), unagusa kwa uangalifu karibu na vitovu vya magurudumu kutafuta breki isiyoachia, unapima upepo wa matairi. Ukibaki na shaka, badilisha dereva safari mbili. Tatizo likiendelea na kamyo ileile, tafuta kwenye chuma. Likihama pamoja na dereva, mwite mzungumze.

Kukata mshahara kabla ya uchunguzi huu kunazaa jambo baya zaidi ya hasara ya mazutu. Dereva anayeogopa kukatwa huanza kuachia gia kwenye miteremko, kamyo ishuke yenyewe, akidhani anaokoa. Kumbe kwenye injini za kisasa ni kinyume. Ukishuka ukiwa ndani ya gia na mguu haugusi kichapuzi, kompyuta inafunga mazutu kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiachia gia, injini lazima ijilishe ili isizime. Kwa hiyo hakuokoa kitu, na amepoteza breki ya injini akiwa na tani 50 za kamyo na mzigo. Breki za magurudumu zinabeba kazi yote, zinachemka, na zikichemka zinakosa kushika. Kanuni ya biro ndiyo iliyomfundisha hivyo. Mkuu wa magari aliyewahi kushuka mteremko na mzigo hawezi kuandika kanuni kama hiyo.

Jambo la pili ni mizani. Zambia na Tanzania zinapima kila kundi la ekseli, si uzito wa jumla tu: tani 8 kwa ekseli ya usukani, 18 kwa ekseli mbili za kuvuta, 24 kwa ekseli tatu za remorki. Kamyo ya mfano wetu inaruhusiwa basi tani 50. Huku migodini mara nyingi mtu wa kupakia anatazama jumla peke yake. Anaona 48.7, anasema nendeni. Kumbe usukani una 7.2, ekseli za kuvuta zina 16.9, na remorki ina 24.6. Kwa jumla kamyo ni halali; kwa remorki imezidi kilo 600, na inaweza kusimamishwa.

Dawa yake ni hesabu ndogo. Uzito ukisogezwa mbele, sehemu yake inahama kutoka ekseli za remorki kwenda kwenye pini inayoungana na kichwa. Zidisha uzito uliosogezwa kwa umbali uliousogeza, gawanya kwa umbali kati ya pini na ekseli ya katikati ya remorki. Mafungu mawili ya shaba ya tani 2.5 kila moja ni tani 5. Yasogezwe mbele mita 1.2, na remorki iwe na mita 8 kutoka pini hadi ekseli ya katikati: 5 mara 1.2, gawa kwa 8, ni tani 0.75. Remorki inashuka hadi 23.85. Ekseli za kuvuta, hata zikibeba nyongeza yote, zinafika 17.65. Kila kundi liko ndani ya kiasi, na hakuna hata kilo moja ya mzigo iliyoachwa.

Lakini hesabu hii ina saa yake. Ikishafungwa turubai na kupigwa plombi ya dwane, hakuna anayeruhusiwa kugusa mzigo. Dereva anayegundua kosa hilo kwenye mizani ya Zambia hana la kufanya ila kupiga simu na kungoja, huku faini ikihesabiwa. Ndiyo maana kupima kwa kila kundi la ekseli lazima kufanyike mgodini, kabla ya plombi, na karatasi ya mizani yenye namba za kila kundi iwe mkononi mwa dereva. Kwa wakuu wa mkoa tuna ombi moja tu katika hili: karatasi hiyo iwe sharti la kamyo kutoka mgodini. Dereva akiwa nayo anaweza kukataa mzigo uliopangwa vibaya bila kuambiwa ni mkaidi.

Kuhusu siku na makaratasi tutasema kidogo, ingawa huko ndiko pesa nyingi hupotelea. Tuseme kamyo moja ina gharama zisizobadilika za dola 4,500 kwa mwezi, yaani mkopo, bima, mshahara na ulinzi. Ikifanya safari tatu, kila safari inabeba dola 1,500 kabla kamyo haijasogea hata mita moja. Ikifanya nne, kila safari inabeba 1,125. Siku moja iliyopotea mpakani ni dola 150. Mara nyingi siku hiyo inapotea kwa kosa dogo: remorki ilibadilishwa depo usiku kwa sababu ya tairi, na namba mpya haikuingia kwenye hati za dwane, au namba ya plombi kwenye hati haifanani na ile iliyo mlangoni, au uzito wa hati ni ule wa makadirio wakati mizani imesema mwingine. Dereva mzoefu anazisoma hati zote kabla ya kuwasha injini. Anazisoma kwa Kifaransa hapa, kwa Kiingereza ng'ambo ya mpaka, na kwa Kiswahili anabembeleza mambo yaishe kwenye mpaka wa Tunduma. Sifa hiyo haiandikwi katika tangazo lolote la kazi.

Na kuna saa ambazo mtambo wa kufuatilia magari unazisoma vibaya. Kamyo ikiwa foleni, mtambo unaandika imesimama saa 14, na msimamizi wa biro anahesabu saa hizo kuwa usingizi. Ukweli ni kwamba foleni inasonga urefu wa kamyo moja au mbili, inasimama, inasonga tena, na dereva asiyesonga anapitwa. Hajalala. Akivuka tu, simu inamwambia aongeze mwendo kufidia. Tena amevuka kutoka nchi ya kuendesha kulia kwenda nchi ya kuendesha kushoto, usiku. Tunawaomba wakurugenzi waweke kanuni rahisi: saa za foleni zihesabiwe kuwa saa za kazi, na baada ya kuvuka dereva apumzike kwenye egesho lenye ulinzi kabla ya kuendelea. Mtazame michoro ya foleni wenyewe. Vituo virefu vya usingizi vina mstari mnyoofu, vya foleni vina vijongezo vidogo vya mita 20 au 30 usiku kucha.

Sasa njia yenyewe, kutoka usukani hadi kiti cha mkuu wa magari. Tunapendekeza iwe na hatua chache, na kila hatua iwe na kazi inayoonekana, siyo miaka ya utumishi peke yake.

Mwanzo ni dereva kushika faili la safari zake mwenyewe. Kwa miezi sita aandike kilomita zenye mzigo, kilomita tupu, saa za kusimama, lita za kujaza pomoni, upepo wa matairi, na sababu ya kila kuchelewa. Kamyo yetu ina matairi 22 barabarani. Kila moja lipewe namba ya mahali pake, na likihamishwa iandikwe limetoka wapi limekwenda wapi. Bila daftari hilo hakuna anayeweza kueleza kwa nini tairi la ndani la nyuma kushoto linapasuka kila mara. (Mara nyingi pacha wake wa nje ndiye mkosaji, amekosa upepo, na la ndani linabeba mzigo wa wote wawili hadi linachemka.) Faili lisomwe na mtu, na dereva aulizwe maswali juu yake. Faili lisilosomwa linakufa mwezi wa pili.

Anayefaulu hapo awe dereva mfundishaji, anayepanda na wapya na kutia sahihi kwamba wanajua kupima upepo, kuangalia breki na kusoma karatasi ya mizani. Baadaye apewe kamyo tano za kupanga: nani anakwenda wapi, lini matengenezo, nani apumzike. Hapo ndipo anajifunza kitu ambacho usukani haumfundishi, yaani kumwambia mwenzake wa jana kwamba leo hapati safari nzuri. Wengine hushindwa hapo, na wasilazimishwe. Anayeweza kamyo tano bila upendeleo, akaleta hesabu ya gharama kwa kila kilomita mwisho wa mwezi na kueleza kwa nini imepanda au kushuka, apewe depo, kisha bajeti ya magari yote.

Mtatuuliza kwa nini madereva wazuri hukataa mkiwaita biro. Sababu ni posho ya safari. Mshahara wa msingi wa dereva ni mdogo, na nyumba yake inaishi kwa posho. Mkimpa meza na kalamu kwa mshahara wa msingi, mmempunguzia chakula cha watoto kwa jina la kumpandisha cheo. Tena atakayekubali ni yule asiyepata safari nyingi, si yule mnayemtaka. Dawa ipo: katika miezi yote ya kujifunza, mlipeni wastani wa posho zake za miezi sita iliyopita juu ya mshahara. Kwa mtu mmoja au wawili kwa mwaka, gharama hiyo si kubwa mkiilinganisha na siku ambazo kamyo zenu zinapoteza mpakani kwa namba ya remorki isiyofanana.

Kwa uongozi wa INPP tunasema hivi. Taasisi yenu ilianzishwa 1964 kwa ajili ya kufundisha watu kazi, na kila kampuni inayoandika barua za ajira hulipa mchango wake kwenu kufuatana na mishahara. Katika mchango huo umo jasho la madereva. Tunaomba kozi ya jioni au ya siku za mapumziko hapa Lubumbashi, yenye mambo matatu tu: jedwali la kompyuta kwa ajili ya mazutu na gharama, hesabu ya uzito wa ekseli, na hati za usafirishaji wa kuvuka mpaka kwa Kifaransa na Kiingereza. Mtihani wake uwe faili halisi la safari, lenye makosa yaliyofichwa ndani, mtahiniwa ayatafute na kueleza sababu. Kozi isidai diploma ya shule ya sekondari, maana itawafungia nje walewale inaowatafuta. Na kozi igawanywe katika vipande vya wiki moja moja, kwa sababu dereva hawezi kukaa mjini mwezi mzima, lakini anaweza kurudi kila baada ya safari mbili.

Wenye kampuni hamhitaji kungoja kozi hiyo. Mwezi ujao kila kampuni ichague madereva wawili na kuwafungulia mafaili ya mazutu, na wakati huohuo isimamishe makato yote ya mazutu ambayo hayajapitia hesabu ya kilomita halisi na saa za kusimama. Tuko tayari kuja depo zenu, kukaa na wasimamizi wenu, na kuyasoma nao mafaili ya kwanza, safari kwa safari.

Kwa heshima,

Madereva wa masafa marefu na wasimamizi wa magari, Lubumbashi